Mtoto akilazwa, anayemuuguza naye ahesabiwe

Kadi ya CHF iliyoboreshwa ilipoanza kuuzwa nchi nzima mwaka 2018, kaya ya watu wasiozidi sita iliambiwa ichangie shilingi 30,000 kwa mwaka, itibiwe kuanzia zahanati ya kijiji hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa mkulima wa Simiyu hiyo si fedha ya kuokota. Huipata pamba inapopimwa, kuanzia Mei na kuendelea, tena kama mzani na bei vimemwendea vizuri. Lakini tuseme ameipata, amelipa, kadi anayo.

Mwezi Februari mtoto wake wa miaka miwili anashikwa na malaria kali, analazwa Bariadi, na mama anakaa naye wodini siku tano. Tupige hesabu ya mama huyo peke yake, kwa makadirio ya chini ya vibanda vya nje ya geti. Asubuhi chai na chapati, shilingi 1,000. Mchana sahani ya ugali na maharage, 2,000. Usiku nyingine, 2,000. Maji ya kunywa na kipande cha sabuni ya kufulia nguo alizotapikia mtoto, 1,000. Jumla ni 6,000 kwa siku. Siku tano ni 30,000.

Yaani chakula cha mama kwa siku tano kimekula mchango wa mwaka mzima wa kaya nzima. Na katika hiyo 30,000 ya pili hakuna dawa hata moja, hakuna kipimo wala nauli. Hoja yangu inaanzia hapo: bima inayomlipia mtoto kitanda na dawa, ikamwacha anayemuuguza ajitafutie pa kulala na cha kula, imelipia nusu ya matibabu. Nusu nyingine inalipwa na mama, taslimu, katika mwezi ambao ndani hamna kitu.

Najua jibu litakalokuja haraka. Bima ni ya mgonjwa, mama si mgonjwa. Kadi ina jina la anayetibiwa, na hata fomu za madai za NHIF, zile 2A na 2B ambazo kila mwenye kadi amewahi kuzitia saini, zinamjua mgonjwa mmoja tu. Kwa mtu mzima aliyelazwa hoja hiyo ina mantiki yake. Kwa mtoto haina, kwa sababu wodi ya watoto haiendeshwi na manesi peke yao. Inaendeshwa na mama zao.

Tuangalie kazi yenyewe. Mtoto mwenye utapiamlo mkali akilazwa, siku za mwanzo hapewi uji wala ugali. Hupewa maziwa maalumu yanayoitwa F-75, mililita 130 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mtoto wa kilo sita anahitaji mililita 780 kwa saa 24. Hawezi kuzinywa kwa mkupuo, maana tumbo na moyo wake havitahimili, kwa hiyo zinagawanywa: mililita 65 kila baada ya saa mbili, mara 12, usiku na mchana. Saa nne usiku, saa sita, saa nane, saa kumi. Zinanyweshwa kwa kikombe, taratibu, mtoto akiwa amepakatwa, na kilichobaki au kilichotapikwa kinaandikwa kwenye chati. Katika wodi yenye nesi mmoja au wawili zamu ya usiku na watoto kwa makumi, nani anakinyanyua hicho kikombe saa kumi alfajiri?

Ukitaka kujua wodi inaendaje, usiulize dawa kwanza. Omba chati za kulisha za usiku. Mistari ya mchana utaikuta imejaa. Mistari ya kati ya saa sita usiku na alfajiri ndiyo itakayokupa habari: ama imejazwa, ama iko mitupu, ama imejazwa yote kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, asubuhi, kabla daktari hajapita. Mtoto ambaye hakulishwa usiku sukari yake hushuka, mwili hupoa, na wengi hupotelea katika saa hizo hizo.

Malaria kali nayo ni vivyo hivyo. Sindano ya artesuneti mtoto huchomwa akifika, kisha baada ya saa 12, kisha saa 24. Hiyo ni kazi ya nesi na inachukua dakika chache. Katikati ya sindano na sindano yupo mama: ndiye anayeona mkono umevimba kwa sababu dripu imetoka kwenye mshipa, ndiye anayeona macho yamegeuka na degedege limeanza, ndiye anayekimbia kuita. Mtoto akiweza kumeza, anahamishiwa dawa ya mseto kwa siku tatu, na mseto hufyonzwa vizuri ukimezwa na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa. Chakula hicho kinatoka wapi? Kwenye mfuko ule ule wa mama.

Na huyo mama mara nyingi ananyonyesha. Mwanamke anayenyonyesha anahitaji takriban kilokalori 500 za ziada kwa siku, sawa na sahani moja nzuri ya chakula juu ya alichozoea kula. Wodini hufanyika kinyume chake. Fedha zikianza kuisha, cha kwanza kukatwa ni mlo wa mama. Nesi akipita na kuuliza, "Mama, umekula?" atajibiwa, "Nimekula, nesi," kwa sababu hakuna mama anayetaka kuonekana ameshindwa mbele ya wenzake. Siku ya tatu maziwa yanapungua, mtoto analialia, na inaandikwa kwamba hali ya mtoto haijatulia.

Kulala ndiyo usiseme. Kitanda cha wodi ya watoto kimetengenezwa kwa mwili mmoja mdogo. Msimu wa mvua malaria ikipanda, katika hospitali nyingi za umma hubeba watoto wawili, na mama zao wakalala ubavuni mwao au chini ya kitanda, khanga moja juu ya sakafu na nyingine ya kujifunika. Neti ya kitandani haifiki chini. Mama anaweza kuja kuuguza malaria akarudi nyumbani na yake.

Mvua hiyo hiyo inayoleta mbu ndiyo inayoleta palizi. Kati ya Desemba na Machi shamba la pamba na la mahindi halisubiri mtu, na siku tano za mama wodini ni siku tano za magugu. Mfanyakazi mwenye mkataba ana ahueni: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa angalau siku nne za likizo yenye malipo mtoto wake akiugua au akifariki. Mkulima wa Itilima au Meatu hana wa kumwombea ruhusa, wala wa kumlipa. Ndiyo maana siku ya tatu au ya nne, homa ikishuka tu, utasikia mama anaomba aruhusiwe, na akinyimwa anaweza kutoroka asubuhi na mapema mtoto akiwa mgongoni. Kitabuni ataandikwa ametoroka, na atakayesoma baadaye atadhani ni ujinga. Ukipiga hesabu yake ya chakula na shamba, utaona alijua vizuri alichokuwa anafanya. Wiki moja baadaye mtoto anarudi na upungufu wa damu, anahitaji kuongezewa, ndugu wanaombwa waje kuchangia, na mfuko wa bima unalipa upya, safari hii zaidi.

Kuna watakaosema watoto wetu wanatibiwa bure, bima ya nini. Ni kweli kwamba Sera ya Afya ya 2007 inawapa watoto wa chini ya miaka mitano msamaha wa ada katika vituo vya serikali. Ni msaada mkubwa, na kwa dawa iliyopo dirishani unafanya kazi. Lakini msamaha nao umejengwa kama bima, unahesabu mgonjwa tu. Mtoto wa miaka miwili anaweza kutibiwa bila kulipa senti na bado mama yake akauza mbuzi ili apate kukaa naye.

Na mambo huwa mazito zaidi pale Bariadi inapoishia. Mtoto akipewa rufaa kwenda Bugando, Mwanza, kupitia Lamadi, kadi ya CHF imefika mwisho wake, kwa sababu inaishia hospitali ya rufaa ya mkoa na Bugando ni hospitali ya kanda. Bariadi mama angeweza kuletewa sufuria ya ugali na shangazi kwa bodaboda. Mwanza hana shangazi. Kwa mtoto mwenye saratani au selimundu kali safari hiyo inaweza kuwa ya wiki au miezi.

Kwamba jambo hili linawezekana tumeshaliona hapa hapa nchini. Dar es Salaam, shirika la Tumaini la Maisha linalohudumia watoto wenye saratani Muhimbili halikuishia kwenye dawa. Lina nyumba ya kuwalaza wazazi na watoto wanaotoka mbali, kwa sababu liligundua kile ambacho kila nesi wa mkoani anakijua, kwamba familia nyingi huacha matibabu katikati si kwa kuchoka na dawa bali kwa kuishiwa pa kulala na cha kula. Uganda nako, kitengo cha lishe cha Mwanamugimu kilichoanzishwa Mulago miaka ya 1960 kilijengwa kwa wazo kwamba mama anakaa na mtoto, anapika, anajifunza na kulisha kama sehemu ya tiba.

Kwa wenzetu wa mbali jambo hili limeshaingia kwenye sheria na mikataba. Mwaka 1988 vyama vya Ulaya vinavyotetea watoto waliolazwa vilikutana Leiden, Uholanzi, vikaandika mkataba wa vipengele kumi. Cha tatu kinasema mzazi apewe malazi hospitalini, asiingie gharama ya ziada wala kupoteza kipato. Ujerumani imefika mbali zaidi: bima yake ya lazima inalipia mzazi kulazwa pamoja na mtoto pale tiba inapohitaji, na tangu 1 Januari 2024 mzazi huyo, kama ni mfanyakazi mwenye bima, hulipwa pia fidia ya mshahara kwa siku alizokaa wodini. Jirani zetu Kenya, bima nyingi za kampuni binafsi zina kifungu cha mzazi anayelala na mtoto wa chini ya umri fulani. Lakini hiyo ni bima ya mwenye ajira nzuri mjini. Anayelala chini ya kitanda si yeye.

Sasa tukija kwetu, kosa ambalo ningeogopa kuliko yote ni kulifanya jambo hili liwe fao la hiari, la kununuliwa pembeni na anayelitaka. Tumeshapita njia hiyo. Toto Afya Kadi ilianza kwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, bei ambayo wazazi wengi wangeimudu. Kilichotokea ni kwamba wazazi wenye watoto wazima walisubiri, na waliokimbilia kadi wakawa zaidi ni wale ambao mtoto alishakuwa na ugonjwa wa kudumu au alikuwa karibu kupasuliwa. Hakuna mzazi wa kulaumiwa hapo, hata mimi ningefanya hivyo. Lakini mfuko unaochangiwa na wagonjwa peke yao si bima tena, na Machi 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ulisitishwa, watoto wakatakiwa waandikishwe kwa makundi kupitia shule. Fao la muuguzaji likiuzwa pembeni litakwama vivyo hivyo, tena mapema zaidi, maana litanunuliwa na mwenye mtoto wa selimundu na mwenye njiti tu.

Kwa hiyo lazima liwe ndani ya kitita cha msingi ambacho kila mchangiaji analipia. Nafasi ipo. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, na sheria hiyo inasimama juu ya wazo kwamba kila mtu awe na bima, mzima na mgonjwa. Kitita nacho hakijashuka kutoka mbinguni: NHIF ilibadilisha chake Machi 2024, hospitali binafsi zikagoma, wakakaa mezani. Kinachoweza kubadilishwa kwa ajili ya bei ya kipimo kinaweza kubadilishwa kwa ajili ya sahani ya ugali.

Gharama yake ikoje? Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kati ya watoto 1,000 wenye bima, 100 hulazwa kwa mwaka, kila mmoja kwa wastani wa siku nne. Hizo ni siku 400. Jiko moja likipikia mama wote kwa pamoja, uji asubuhi, ugali na maharage na mboga mchana na usiku, haliwezi kutumia 5,000 za kibandani. Tuliwekee 3,000 kwa siku, na 1,000 nyingine ya godoro, neti na usafi. Siku 400 mara 4,000 ni shilingi 1,600,000. Gawanya kwa watoto 1,000, unapata shilingi 1,600 kwa mtoto kwa mwaka. Kaya yenye watoto watatu itaongeza 4,800 kwenye mchango wake. Anayeona siku zangu ni chache aziongeze mara mbili. Bado kaya inalipa chini ya 10,000 kwa mwaka ili isije ikatafuta 30,000 kwa wiki moja ya Februari. Hiyo ndiyo kazi ya bima, kuuchukua mzigo wa mwezi mbaya na kuusambaza kwenye mwezi wa pamba.

Namna ya kulipa nayo ina maana yake. Mama asidai chochote, asijaze fomu, asirudishiwe fedha baadaye, maana fedha ya kurudishiwa haimlishi leo. Kiwango kiongezwe kwenye malipo ya siku ya kulazwa ambayo hospitali inalipwa tayari kwa mtoto wa chini ya miaka 12, na kwa mwenye ulemavu bila kikomo cha umri. Hospitali ikipokea, inawajibika kutoa vitu viwili: mahali pa kulala palipoinuka na penye neti, hata kama ni kitanda cha kukunja kinachosukumwa uvunguni asubuhi, na milo mitatu. Penye jiko, lipike. Pasipo na jiko, iingie mkataba na mama lishe wa pale pale getini kwa tiketi, na fedha ibaki Bariadi. Awe muuguzaji mmoja kwa mtoto, bila kuulizwa kama ni mama, baba au bibi, maana mtoto aliyeachwa na mama aliyefariki ana bibi, na bibi naye anasikia njaa.

Wizi utakuwepo, tusidanganyane. Penye tiketi za chakula pataota wauguzaji hewa. Njia ya kuwabana ni nyepesi: nesi wa zamu ya usiku ahesabu vichwa saa nne, watoto na wauguzaji, aandike kwenye kitabu cha zamu na kusaini. Tiketi za kesho zitolewe kwa hesabu hiyo. Mwisho wa mwezi mkaguzi alinganishe vitu vitatu: siku za watoto waliolazwa, hesabu ya saa nne na tiketi zilizoliwa. Tiketi zikizidi watoto, pana mchezo. Wauguzaji wakiwa wachache kuliko watoto, ama milo haifiki ama hailiki.

Hofu nyingine ni kwamba mama akilishwa atataka kukaa. Anayesema hivyo hajawahi kulala wodini, na hajui palizi. Hata hivyo mwenye mamlaka ya kuruhusu mgonjwa ni daktari, na hilo halibadiliki.

Hoja nzito kuliko hizo ni ya dawa. Mganga mfawidhi anaweza kuniambia: stoo yangu ina mapengo, na wewe unaniletea habari ya maharage? Simlaumu. Lakini swali lake limegawanya kitu kimoja vipande viwili. Artesuneti iliyonunuliwa, ikachomwa, kisha mtoto akatoroshwa kabla ya kumaliza mseto, ni fedha ya dawa iliyomwagwa. Kopo la F-75 lisilonyweshwa usiku ni hivyo hivyo. Kama fedha za kuanzia ni chache, wasianze na mkoa mzima. Waanze na watoto wanaolazwa kwa utapiamlo mkali na njiti walio kwenye huduma ya kangaruu, ambako mama hukaa wiki kadhaa, mtoto akiwa kifuani mwake saa nyingi za mchana na usiku. Hapo mama ndiye mashine ya joto na ndiye chakula, na hakuna namna ya kumtibu mtoto huyo bila kumlisha yeye.

Wajaribu kwa miezi sita, kuanzia mvua za Novemba. Mwishoni wafungue vitabu viwili: kitabu cha waliotoroka na chati za usiku. Kama waliotoroka hawakupungua na mistari ya saa nane usiku bado mitupu, fao liondolewe, nami nitanyamaza. Kama imejaa, wabunge wa Simiyu wawe na cha kusema bungeni kitita kitakapofunguliwa tena, nacho kiwe kifupi: chini ya malipo ya mtoto kulazwa uongezwe mstari mmoja, malazi na milo ya mtu mmoja anayemuuguza.